Bima wanasema "uhitaji haujathibitishwa": nimwombe daktari aandike nini?

*Shikamoo Anti Sekela. Naishi Uyole, Mbeya, ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kahawa. Mke wangu alikatwa titi la kushoto mwezi Mei hapahapa Mbeya, kisha tukapelekwa Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa saratani. Tarehe 22 Julai alimaliza dripu ya nne ya ile dawa nyekundu. Daktari anataka tarehe 12 Agosti aanze dawa nyingine pamoja na trastuzumab, na hiyo trastuzumab iende mara 18, kila baada ya wiki tatu. Dawati la bima la hospitali liliomba kibali cha shilingi milioni 40 na laki 4. Bima yetu ni ya kampuni binafsi, kupitia kazini kwangu. Wamejibu hivi: "Ombi limesitishwa. Uhitaji wa kitabibu haujathibitishwa. Wasilisha maelezo zaidi." Kadi ina milioni 30 kwa mwaka kwa saratani, na tumeshatumia kama milioni 9. Nesi wa daktari ananiambia bima wapige simu. Bima wananiambia daktari aandike. Wananipiga danadana na siku zinakwenda. Nimwombe daktari nini hasa, na nimwombeje bila kuonekana namfundisha kazi? Picha za karatasi zote nimekutumia.*

*Baba Atupele, Uyole*

Marahaba, Baba Atupele. Mpe pole Mama Atupele, na umwambie dripu nne za dawa nyekundu si mchezo.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kabla ya safu hii nilikuwa nesi, halafu nikakaa miaka sita upande wa pili wa dirisha, kwenye dawati la vibali la kampuni moja ya bima. Barua kama unayoitafuta nimezisoma mpaka macho yakauma, na nyingine nimezirudisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo jioni yote jana nilikaa na picha zako kama nilivyokuwa nakaa na faili kazini. Nimekuta vitu viwili ambavyo hakuna aliyekuambia.

Cha kwanza ni majibu ya maabara ya kile kinyama kilichopelekwa kupimwa. Fomu ya hospitali imeandikwa kwa chini, "viambatisho: 1", na kiambatisho chenyewe ni karatasi ya Mei, iliyotoka baada ya upasuaji. Karatasi hiyo inasema ni saratani ya titi, uvimbe wa sentimita 3.5, na tezi 2 kati ya 14 za kwapani zimekutwa na saratani. Haina hata neno moja kuhusu HER2. Majibu ya HER2 yako kwenye karatasi nyingine iliyotoka wiki tatu baadaye, ile uliyoipiga picha ikiwa imekunjwa katikati. Mstari wa mwisho kabisa unasomeka "HER2: 3+". Mstari huo ndio unaofungua mlango, na naamini kabisa bima hawajauona.

Nikueleze kwa nini una uzito kiasi hicho. HER2 ni protini iliyo juu ya ngozi ya seli. Katika saratani za titi, kama moja kati ya tano au sita hivi, protini hiyo huwa imezidi mno na ndiyo inayoisukuma saratani ikue haraka. Trastuzumab imetengenezwa kuikamata protini hiyohiyo. Mgonjwa ambaye saratani yake haina HER2 ya kutosha, dawa hii haimsaidii, ataishia kupata gharama na hatari ya moyo bure. Ndiyo maana maabara hutoa alama: 0 na 1+ maana yake hapana, 3+ maana yake ndiyo, na 2+ maana yake hatujui, kipimo kingine cha vinasaba kifanyike kwanza. Mke wako ni 3+, hakuna ubishi wa kitabibu hapo. (Msomaji mwenye karatasi ya 2+ asikimbilie barua. Barua nzuri kuliko zote haiwezi kuziba pengo la kipimo ambacho hakijafanyika.)

Sasa jiweke kwenye kiti cha nesi wa vibali. Mbele yake kuna fomu imeandikwa kwa mkono "saratani ya titi, trastuzumab mara 18", kiambatisho hakitaji HER2, na chini kuna milioni 40. Ningekuwa mimi ningeandika maneno yaleyale. Wakiandika "haujathibitishwa" hawajakataa, wanasema hawajaona. Barua ya kukataa huwa na lugha tofauti: itataja kifungu cha mkataba, itasema "huduma hii haimo katika kifurushi" au "kikomo kimekwisha". Ukipata ya namna hiyo, barua ya daktari pekee haikutoi.

Kitu cha pili nilichokuta ni hesabu. Kadi yako ni ya milioni 30 kwa mwaka na 9 zimeshatoka, maana yake zimebaki 21. Hospitali imeomba milioni 40 na laki 4 kwa mkupuo. Kompyuta ya bima ikiona namba hiyo inaweka alama nyekundu kabla hata binadamu hajasoma. Lakini dozi 18 hizo haziishi mwaka huu. Nimezipanga kwenye kalenda: 12 Agosti, 2 Septemba, 23 Septemba, 14 Oktoba, 4 Novemba, 25 Novemba, 16 Desemba. Hizo ni dozi 7. Ya nane inaangukia 6 Januari, na kadi yako inaonyesha bima inaanza upya 1 Januari. Dozi 11 zilizobaki zitakula kwenye milioni 30 za mwaka mwingine.

Kwa bei uliyopewa na hospitali, chupa ya miligramu 440 ni milioni 2 na laki 2, na chupa ndogo ya miligramu 150 ni laki 8. Dozi ya kwanza huwa kubwa, miligramu 8 kwa kila kilo ya mwili, na zinazofuata ni miligramu 6. Mama Atupele ana kilo 68. Ya kwanza ni miligramu 544, yaani chupa kubwa moja na ndogo moja, milioni 3. Zinazofuata ni miligramu 408, chupa kubwa moja inatosha. Kwa hiyo mwaka huu trastuzumab ni milioni 3 jumlisha mara sita za milioni 2.2, jumla milioni 16.2. Ile dawa ya pili, vipimo na malipo ya siku za dripu hospitali wameviandika kando, milioni 4. Unapata milioni 20.2 dhidi ya 21 zilizobaki. Inabana, ila inaingia. Mwakani dozi 11 ni milioni 24.2, nazo zinaingia kwenye 30. Ombi lilelile, likigawanywa kwa tarehe, linaacha kuonekana kama limevuka kikomo.

Kwa hiyo barua unayoitaka ina kazi ya kujibu maswali ambayo fomu haikujibu. Jina lake mwambie daktari hivihivi: barua ya uhitaji wa kitabibu. Usimwombe "barua ya kutusaidia bima". Ukimwomba ya kusaidia atakuandikia ya kusaidia, na hizo nimezisoma nyingi: "Mgonjwa huyu ni mama wa watoto watatu, hali yake ni mbaya, tunaomba mumfikirie." Inatoa machozi, lakini haina kitu ambacho nesi wa vibali anaweza kukiwekea tiki. Niliwahi kuirudisha barua ya bingwa mwenye jina kubwa kwa sababu hakuandika uzito wa mgonjwa, na bila uzito sikuweza kujua kama miligramu alizoomba ni sahihi. Alinipigia akiwa amekasirika. Nilimwelewa, lakini faili lilikuwa halijakamilika.

Jua pia nani ataisoma. Nesi wa vibali anaanza, kisha inapanda kwa daktari mshauri wa bima. Huyo ni daktari kweli, lakini mara nyingi si wa saratani. Leo anaamua kuhusu goti, kesho kuhusu figo. Bingwa wako akiandika kwa vifupisho vya kliniki yake kana kwamba anamwandikia bingwa mwenzake, mshauri atabaki na maswali, na mwenye maswali huwa hasaini.

Daktari atakuandikia kwa Kiingereza, ndiyo kawaida ya hospitali zetu. Mimi nakuwekea kwa Kiswahili ili ukiisoma ujue kama kuna kitu kimerukwa. Barua yenye kutosha kwa mke wako ingesomeka hivi:

> Kwa daktari mshauri. Ninamtibu mgonjwa aliyetajwa hapo juu, umri miaka 41, namba ya uanachama kama ilivyo kwenye kadi. Ana saratani ya titi la kushoto, msimbo wa ugonjwa C50. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi mwezi Mei. Uvimbe ulikuwa sentimita 3.5, tezi 2 kati ya 14 zilikuwa na saratani, hakuna dalili ya kusambaa sehemu nyingine. Kipimo cha HER2 ni 3+ (ripoti ya pili ya maabara imeambatishwa).
>
> Amemaliza mizunguko minne ya doksorubisini na saiklofosfamaidi tarehe 22 Julai. Hatua inayofuata ni paklitakseli, ikienda pamoja na trastuzumab kuanzia 12 Agosti. Uzito wake ni kilo 68. Dozi ya kwanza ya trastuzumab ni miligramu 544, zinazofuata ni miligramu 408 kila wiki tatu, jumla dozi 18 katika mwaka mmoja. Dozi 7 zitatolewa kabla ya 31 Desemba na 11 mwaka unaofuata, kwa tarehe zilizoorodheshwa.
>
> Eko ya moyo kabla ya kuanza inaonyesha EF asilimia 62. Itarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na dawa itasimamishwa endapo moyo utashuka chini ya kiwango salama.
>
> Dawa za kawaida peke yake hazishambulii HER2. Bila trastuzumab uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa zaidi, na ukirudi kwenye ini, mapafu au mifupa hautibiki tena kwa lengo la kupona. Trastuzumab imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015 kwa saratani ya titi ya aina hii. Ninaomba kibali cha dozi 7 za mwaka huu sasa, na ninapatikana kwa simu ifuatayo kwa maelezo zaidi.

Umri, alama zote na EF, yaani asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila unapopiga, nimezitoa kwenye karatasi zako. Chini kuwe na jina, saini, muhuri, na namba yake ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali. Ukurasa mmoja, au mmoja na robo. Zikizidi mbili wataanza kurukaruka mistari.

Nisimame kidogo kwenye moyo, kwa sababu aya hiyo madaktari huisahau kuliko zote. Trastuzumab inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na ile dawa nyekundu aliyomaliza nayo ina tabia hiyohiyo. Mshauri wa bima anayejua mambo mawili tu kuhusu trastuzumab, la kwanza ni bei na la pili ni moyo. Asipoona eko atauliza, na swali hilo linakula siku nne tano. Eko ya mke wako ipo, ni ya mwezi huu, lakini nayo haikuambatishwa. Sijui lile dawati la bima la hospitali lilikuwa na haraka ya nini siku ile.

Swali lingine linaloweza kuja ni hili: kwa nini 18, zisiwe 9? Si swali la kijinga. Mwaka 2019 walichapisha utafiti wa Uingereza ulioitwa PERSEPHONE, uliolinganisha miezi 6 na miezi 12 ya dawa hii, na matokeo hayakuachana sana. Kwa upande mwingine utafiti wa HERA ulionyesha kuwa kwenda miaka miwili hakuongezi faida juu ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja ndio unaoendelea kutumika kama kipimo cha kawaida, hasa kwa mgonjwa ambaye tezi zake zilikutwa na saratani kama Mama Atupele. Bima wakija na pendekezo la dozi 9, wewe usikubali wala usigome. Hilo ni la daktari na mgonjwa. Mpelekee daktari maandishi yao ajibu kwa sentimita 3.5 na tezi 2 zilizomo kwenye ripoti.

Kuhusu jina la dawa, mwombe daktari aandike "trastuzumab", asiandike jina la biashara. Zipo trastuzumab za kampuni nyingine zilizotengenezwa kufanana na ile ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani lilianza kuzithibitisha mwaka 2019. Huwa nafuu. Bima wakisema wanakubali hiyo ya nafuu, muulize daktari kama ndiyo wanayotumia, na akisema sawa, chukua. Nimeona familia ikipoteza mwezi mzima ikigombania chupa yenye jina fulani.

Sasa namna ya kuomba. Unasema hutaki kuonekana unamfundisha kazi. Usimpelekee barua uliyoiandika wewe asaini, hilo litamuudhi na ana haki. Mpelekee mambo mawili. La kwanza ni jibu la bima lenyewe, limechapishwa, ili aone kwa macho yake neno "haujathibitishwa". Madaktari wengi hawajui kwamba maombi yao yamekwama, wanadhani mgonjwa ndiye aliyechelewa. La pili ni nusu ukurasa wa taarifa: tarehe ya upasuaji, tarehe ya dripu ya mwisho, uzito wa wiki hii, tarehe za majibu ya maabara yote mawili na ya eko, tarehe bima inapoanza upya, na kiasi kilichobaki. Vitu hivyo vimetawanyika kwenye faili lake, na kuvitafuta kunakula muda kuliko kuandika barua yenyewe. Ukimletea vimekusanywa, barua inaweza kutoka kabla hujamaliza kunywa chai kantini.

Maneno ya kumwambia yawe machache: "Daktari, bima hawajakataa, wamesema hawajaona uthibitisho. Karatasi ya HER2 na eko hazikuambatishwa. Naomba barua ya uhitaji wa kitabibu, taarifa nimezikusanya hapa." Halafu nyamaza. Usianze kueleza dawa inafanyaje kazi, hiyo ndiyo sehemu itakayoonekana kama kumfundisha.

Kutoka Uyole mpaka Dar ni safari ya kutwa nzima kwa basi, kwa hiyo usipande kwanza ukatafute foleni. Mpigie tena nesi wake, safari hii usimwombe ampigie bima. Muulize siku gani daktari anaandika ripoti, maana wengi wana siku yao nje ya kliniki, na kama atapokea taarifa zako kwa simu. Mtumie picha zilizonyooka. Ile karatasi ya HER2 ifungue mkunjo, uipige mchana dirishani, kwenye picha uliyonitumia alama ya kujumlisha baada ya 3 inaonekana kwa tabu, na bila hiyo alama mtu anaweza kusoma kitu kingine kabisa. Mwambie tarehe 12 Agosti. Kama daktari hatapatikana hata hivyo, uliza kama daktari mwenzake wa kliniki hiyohiyo anaweza kuandika kwa niaba yake, wengi hufanya.

Barua ikitoka ipitie dawati la bima la hospitali, kwa sababu bima hupokea maombi kutoka hospitali. Lakini nakala ibaki kwako, na nyingine mpe afisa utumishi wa kiwanda aipeleke kwa dalali au afisa wa bima anayehudumia kampuni yenu. Afisa utumishi ana nguvu ambayo wewe huna: yeye ndiye anayelipa ada ya wafanyakazi wote. Ila kabla hujampa karatasi zenye siri za mwili wa mke wako, muulize mke wako kwanza. Anaweza kupenda apewe barua ya bima tu bila ripoti za maabara, na hilo linatosha. Ombi likiingia, dai namba ya kumbukumbu. Subiri siku tatu za kazi, kisha piga ukiitaja namba hiyo. Kama bado wanasitasita, omba kitu kimoja: daktari mshauri wao azungumze kwa simu na daktari bingwa wenu. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya madaktari wawili nimeyaona yakimaliza kesi iliyozunguka wiki tatu.

Wakikataa moja kwa moja ilhali kila kitu kipo, waombe sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Lalamika kwa maandishi kwao kwanza. Hapo ndipo unapoweza kwenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya mjini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Bila kumbukumbu ya kulalamika kwa kampuni yenyewe watakurudisha nyuma. Njia hiyo si ya siku kumi, kwa hiyo usiiweke kama mpango wa tarehe 12.

Na kuhusu tarehe 12 yenyewe: kibali kikichelewa, usikubali kila kitu kisimame. Muulize daktari kama paklitakseli ianze siku hiyo na trastuzumab iungane nayo baadaye, hilo hufanyika. Kinachotakiwa kuogopwa ni kukatika katikati. Dozi ikichelewa zaidi ya wiki moja kupita tarehe yake, inabidi kurudi kwenye dozi kubwa ya kuanzia, ile ya miligramu 544. Maana yake chupa ndogo nyingine, laki 8 nyingine, kwenye hesabu ambayo imebakiwa na laki 8 tu. Mwombe daktari aiandike sentensi hiyo mwishoni mwa barua. Bima wanaosoma kwamba ucheleweshaji wao utawaongezea gharama huwa wanaharakisha, nakuambia kwa uzoefu.

Jambo moja usimwombe daktari: aongeze chumvi. Asiandike kwamba ugonjwa umesambaa wakati haujasambaa, kwa kudhani watahurumia. Saratani iliyosambaa ina mpango tofauti wa dawa, mshauri ataona maombi hayaendani na ugonjwa, na kuanzia hapo kila karatasi yenu itasomwa kwa jicho la shaka.

Mwezi Novemba kuna mambo mawili. Kwanza, nenda kwa afisa utumishi umuulize kama kampuni inabaki na bima ileile Januari au inahama. Ikihama, aweke kwenye majadiliano kwamba wagonjwa walio katikati ya matibabu wapokelewe bila kipindi cha kusubiri, jambo linalowezekana kwa bima za makundi likiombwa kabla ya kusaini. Pili, eko ya miezi mitatu inaangukia wiki ya pili ya Novemba. Ifanyike wiki hiyohiyo, na majibu yake uyaweke bahasha moja na nakala ya barua, kwa sababu kibali cha zile dozi 11 kitaombwa Desemba na kitu cha kwanza watakachouliza ni moyo.

Anti Sekela